Kuomba chuo kipya nafasi ya kuendelea na masomo yaliyokatizwa na ukimbizi: jinsi ya kuandika barua ukiwa na matokeo yasiyokamilika

Nimesaidia waombaji wengi waliolazimika kuhama katikati ya masomo, nami nimeona kwamba barua zao huharibika kwa namna mbili. Wengine huficha kwamba hawakumaliza, na wengine hujaza ukurasa mzima kwa habari za vita, masomo yenyewe wakayataja kwa mstari mmoja. Anayepokea maombi ana swali moja tu, nalo ni kujua mwombaji aanzie wapi. Mwongozo huu unafuata maombi ya kijana aliyesomea stashahada ya ufundi umeme ya mihula 6, ambaye alikuwa na hati za matokeo za mihula 3 pekee.

Hatua ya 1: Andika historia ya masomo kabla ya barua

Chukua karatasi na kwa kila muhula uandike tarehe ulipoanza na ulipoisha, masomo uliyosoma, lugha ya kufundishia, saa za darasani na za karakana kwa wiki, namna mlivyotahiniwa, na matokeo. Pembeni ya kila mstari andika ushahidi ulio nao. Cheti si ushahidi pekee: kitambulisho cha mwanafunzi, risiti ya ada, ratiba ya mitihani, ujumbe wa simu kutoka ofisi ya usajili, picha ya daftari la karakana lenye saini ya mwalimu, na maelezo ya mwanafunzi mwenzako aliyehitimu, vyote vina uzito vikikubaliana tarehe.

Kijana wetu alipofanya hivyo aligundua jambo ambalo barua yake ya kwanza haikulisema. Muhula wa 4 aliusoma wote na mitihani akaifanya, ila chuo kilifungwa kabla ya matokeo kutangazwa. Hati hakuwa nayo, lakini alikuwa na picha ya ratiba ya mitihani na kadi yake ya kuingilia chumba cha mtihani.

Hatua ya 2: Tenganisha yaliyothibitishwa na yasiyothibitishwa

Hapa ndipo heshima ya mwombaji inapojengwa au kubomoka. Neno «nimehitimu» lisitumike, wala usiandike «stashahada ya umeme» kwenye wasifu kana kwamba ulitunukiwa, kwa sababu anayekagua akikuta muhula mmoja umeongezwa ataitilia shaka hata ile mihula uliyoisoma kwa haki. Vivyo hivyo, usiandike «sikumaliza masomo» ukaishia hapo, maana maneno hayo hayamwelezi kama ulisoma wiki tatu au miaka miwili. Kijana aliandika hivi:

> Nilisajiliwa katika stashahada ya ufundi umeme ya mihula 6. Nina hati za matokeo za mihula 3 ya kwanza. Muhula wa 4 niliusoma wote na kufanya mitihani, lakini chuo kilifungwa kabla ya matokeo kutolewa. Naambatisha ratiba ya mitihani na kadi ya mtahiniwa. Mihula ya 5 na ya 6 sikuisoma. Somo la hisabati nililifeli katika muhula wa 2, nikalirudia na kufaulu katika muhula wa 3.

Aliogopa sana sentensi ile ya mwisho na akataka kuifuta. Nilimsihi aiache, kwa kuwa kufeli kwenyewe kumeonekana kwenye hati, na mwombaji anayelitaja mwenyewe huaminiwa zaidi anapoeleza ule muhula usio na karatasi.

Hatua ya 3: Sababu ya kukatizwa iwe sentensi moja au mbili

Inatosha kusema: «Masomo yangu yalikatizwa na mapigano yaliyonilazimu kuhama, na chuo hakijafunguliwa tena.» Huna deni la kumsimulia mgeni msiba wako ili akupe nafasi. Kama kuwasiliana na chuo cha zamani kunaweza kuhatarisha wewe au jamaa waliobaki, ongeza ombi la wazi kwamba wasiandikie ofisi yoyote ya huko bila idhini yako ya maandishi.

Hatua ya 4: Eleza ujuzi kwa kazi ambayo mtu anaweza kuikagua

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoandikwa kwa uvivu kuliko zote. Barua ya kwanza ya kijana ilisema: «Nina uzoefu mzuri wa umeme wa majumbani na ninajituma.» Nikamwuliza alifanya nini hasa kwa mikono yake katika miezi 14 aliyofanya kazi chini ya fundi baada ya kuhama, na majibu yake yakawa aya hii:

> Nilifunga nyaya katika nyumba ndogo, za milimita 1.5 za mraba kwa taa na za 2.5 kwa soketi. Kabla ya kuwasha umeme, nilipima ukinzani wa kihami kwa volti 500, na saketi iliyosoma chini ya megaomu 1 tuliifungua na kutafuta kasoro. Mota za fezi tatu nimezisoma darasani tu. Sijawahi kuzifunga kazini.

Mwalimu wa umeme akisoma maneno haya anajua kwamba mwandishi amewahi kushika kifaa cha kupimia, na anajua pia ujuzi wake unakomea wapi. Ile sentensi ya mota ni muhimu kama nyingine zote, kwa sababu inamwonyesha mkaguzi cha kumpima na cha kumfundisha. Fundi aliyekusimamia aandike barua fupi yenye tarehe, aina ya kazi, na namna ya kumpata.

Hatua ya 5: Omba kitu mahususi

Usiombe «nafasi yoyote». Kijana aliomba mambo matatu: mihula 3 yenye hati itambuliwe, muhula wa 4 upimwe kwa mtihani au kazi ya karakana, na apangiwe muhula kulingana na matokeo ya kipimo hicho. Ombi la kupimwa ni kauli ya mtu anayesimama juu ya ujuzi wake, tena linampa mkuu wa idara njia ya kukubali bila kuvunja kanuni.

Kama masomo yako ni ya elimu ya juu, angalia iwapo nchi unakoomba imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa UNESCO wa mwaka 2019 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, ulioanza kutumika mwaka 2023. Ibara yake ya VII inahusu wakimbizi na waliohamishwa, na inazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuwapima kwa haki hata pale masomo yasiyokamilika yasipoweza kuthibitishwa kwa hati. Ibara hiyo inakupa haki ya kupimwa tu, haikuhakikishii nafasi, kwa hiyo itaje kwa sentensi moja ya upole.

Hatua ya 6: Viambatisho

Vipe namba, na kila namba itajwe ndani ya barua. Peleka nakala, hati halisi zibaki kwako. Tafsiri iambatane na nakala ya lugha ya awali. Jambo linalokwamisha wengi ni jina au tarehe ya kuzaliwa kutofautiana: hati ya ukimbizi huenda ikasoma Januari 1 kwa sababu aliyekusajili hakuwa na tarehe kamili, ilhali matokeo ya chuo yana tarehe nyingine. Usisubiri waulize. Andika tamko fupi linalotaja kila hati, jina na tarehe zilizomo, na sababu ya tofauti, ulitie saini, kisha ulifanye kiambatisho cha kwanza ili msomaji akutane nalo kabla ya kuziona hati zenyewe.