Uzi unaohamahama: kupima gharama ya kache na kuufunga mahali panapofaa

Programu yenye nyuzi nyingi inaweza kwenda polepole ilhali viini vya kichakataji vina nafasi tele. Sababu moja isiyoonekana kwenye asilimia za matumizi ni uzi unaohamishwa kutoka kiini hadi kiini: kila unapofika, data yake imebaki kwenye kache ya kiini ulichotoka. Hapa tutaufuata uzi mmoja kwenye Linux. Kazi yake ni kusoma, bila mpangilio unaotabirika, jedwali la kilobaiti 512 ambalo linaenea lote ndani ya kache ya L2 yenye megabaiti 1.

Hatua ya 1: jua nani anashirikiana kache na nani

Usianze kufunga chochote kabla ya kuiona ramani ya mashine.

```
lscpu -e=CPU,CORE,SOCKET,CACHE
```

Mashine ya mfano wetu ina viini 8 halisi vinavyoonekana kama 16. Hii ni sehemu ya jibu:

```
CPU CORE SOCKET L1d:L1i:L2:L3
  0    0      0 0:0:0:0
  1    1      0 1:1:1:0
  4    4      0 4:4:4:1
  8    0      0 0:0:0:0
```

Soma safu ya mwisho kwa makini. CPU 0 na CPU 8 zina namba zilezile hadi L1, maana yake ni kiini kimoja halisi chenye milango miwili. CPU 0 na CPU 1 kila moja ina L1 na L2 yake, ila L3 ni moja. CPU 4 iko upande mwingine kabisa, yenye L3 namba 1. Kwa hiyo tuna makundi mawili: 0-3 pamoja na 8-11, kisha 4-7 pamoja na 12-15.

Hatua ya 2: pima uhamaji kabla ya kuugusa

Tafuta namba ya uzi (TID) na kiini unachokalia sasa, kwenye safu ya `PSR`:

```
ps -L -o tid,psr,pcpu,comm -p 4300
```

Uzi wetu ni 4312. Uhesabu kwa sekunde 10:

```
perf stat -e cpu-migrations,context-switches -t 4312 -- sleep 10
```

Tuseme `cpu-migrations` imetoka 2,000, yaani mara 200 kwa sekunde. Namba hiyo peke yake haisemi kama ni nyingi au chache. Inategemea uzi unaacha data kiasi gani nyuma, na hilo tunaweza kulikadiria.

Hatua ya 3: piga hesabu ya hasara

Kache husafirisha data kwa mistari ya baiti 64. Jedwali la kilobaiti 512 ni mistari 8,192. Uzi ukihamia kiini kisicho na mistari hiyo, itabidi iletwe upya, na kwa kuwa usomaji hautabiriki, kichakataji hakiwezi kuivuta mapema.

Ukihamia ndani ya kundi lake, mistari hupatikana kwenye L3 au kwa jirani. Tuchukue nanosekunde 12 kwa mstari: jumla ni kama milisekunde 0.1. Ukivuka kwenda kundi la pili, mistari hutoka kumbukumbu kuu au kache ya mbali. Tuchukue nanosekunde 80: jumla inafika milisekunde 0.66. Zidisha kwa mara 200. Uhamaji wote ukiwa wa kuvuka, unapoteza milisekunde 131 kila sekunde, takriban asilimia 13 ya muda wa uzi. Ukiwa wote wa ndani ya kundi, unapoteza kama asilimia 2.

Hesabu hii ni ya kiwango cha juu, kwani inadhani uzi unagusa jedwali lote kila unapotua. Uzi unaopitia gigabaiti za data mara moja tu hausomi tena ilichobeba kache, hivyo kuufunga hakutakupa kitu.

Kwa nini mratibu anauhamisha basi?

Kila kiini kina foleni yake, na mratibu wa kerneli husawazisha foleni hizo nyakati tatu: kila baada ya muda fulani, kiini kinapokosa kazi na kwenda kuvuta kwa wenzake, na uzi unapoamka baada ya kusubiri kitu. Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi nyuzi zinazolala na kuamka mara nyingi, kwa sababu mratibu anaweza kumsogeza aliyeamshwa karibu na aliyemwamsha.

Mratibu analijua tatizo la kache. Kwa chaguo-msingi, anaposawazisha foleni, uzi uliokuwa ukikimbia ndani ya milisekunde 0.5 iliyopita huhesabiwa kuwa data yake bado iko motoni, na huepuka kuuhamisha. Lakini anachopima ni muda. Hajui kama uzi una kilobaiti 4 au 512. Wewe unajua, na hiyo ndiyo sababu halali ya kuingilia kati.

Hatua ya 4: funga kwenye kundi, si kwenye kiini kimoja

```
taskset -cp 0-3,8-11 4312
```

Sasa uzi hauwezi kuvuka L3. Hasara kubwa imeondoka, na mratibu bado ana viini vya kuchagua. Kumbuka kwamba `-p` hugusa uzi mmoja wenye namba uliyotoa. Ukitoa namba ya mchakato, unafunga uzi mkuu tu. `-a` ndiyo hugusa nyuzi zote. Tena, nyuzi zitakazozaliwa baadaye hurithi kifungo cha aliyezizaa. Programu iliyoanzishwa kwa `taskset -c 2` itasonga nyuzi zake zote kwenye CPU 2, huku nyingine zikikaa bure.

Asilimia 2 iliyobaki inashawishi mtu afunge uzi kwenye CPU 2 pekee. Fikiri mara mbili. Kufunga uzi hakuwafukuzi wengine kwenye kiini hicho. Kazi nyingine ikikikalia kwa milisekunde 3, uzi wako utasubiri papo hapo hata jirani akiwa hana kazi, na umepoteza sawa na uhamaji 30 wa ndani ya kundi.

Hatua ya 5: hakikisha hujaugeuza uhamaji kuwa foleni

Rudia `perf stat`, kisha soma faili hii mara mbili kwa tofauti ya sekunde 10:

```
cat /proc/4300/task/4312/schedstat
```

Namba ya kwanza ni nanosekunde za kukimbia, ya pili ni nanosekunde za kusubiri kwenye foleni. Uhamaji ukishuka lakini namba ya pili ikapanda kwa kasi kuliko kabla ya kufunga, kifungo kimebana mno, ongeza viini. Namba ya pili ikiwa tulivu na kazi bado ni nzito, angalia kama uzi mwingine mzito haujawekwa kwenye mlango wa pili wa kiini kilekile, kwa mfano 0 na 8. Hao wawili wanagombea L1 na L2 ileile, na jedwali letu la kilobaiti 512 linakosa mahali.

Wanaotumia `isolcpus` kutenga viini wana mtego wao. Usawazishaji huzimwa kwenye viini hivyo, kwa hiyo nyuzi nne ulizozipa orodha `4-7` zinaweza kurundikana zote kwenye CPU 4 bila yeyote kuzitawanya. Huko, na huko tu, mpe kila uzi kiini chake.