Cheki imepotea au umeiandika kwa mtu siye? Mambo ya kuwa nayo mkononi kabla hujaenda benki kuizuia

Jamani hili muda ndo kila kitu, maana benki inazuia cheki ambayo haijalipwa tu, ikishalipwa hapo unaanza kumdai aliyepokea hela na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Tuseme una mashine ya alizeti Kizota, umemwandikia mtu wa Kibaigwa cheki ya shilingi 4,850,000, kaidondosha njiani kwenye basi. Kwanza kabisa tafuta namba ya cheki. Sio ya akaunti, ya cheki yenyewe, ile iliyochapwa pia chini kabisa kwa maandishi ya mashine. Mfumo wa benki unaikamata cheki kwa namba hiyo, ukikosea tarakimu moja umezuia karatasi iliyolala droo yako na iliyopotea inapita kama kawaida. Fungua kitabu, soma kile kipande kinachobaki. Hukukijaza? Angalia cheki ya kabla na ya baada, kama kuna 000146 na 000148 basi iliyotoka ni 000147, ila hakikisha hujachana nyingine katikati ukaisahau. Halafu pitia taarifa ya akaunti uone kama 000147 haijatoka tayari.

Kingine, anayezuia ni mwenye akaunti, yule wa Kibaigwa hata akienda benki analia hawezi kuizuia, kazi yake ni kukupigia wewe haraka. Kama akaunti ni ya kikundi au kampuni watafute mapema wenye saini, msifike kaunta ndo mnaanza kuulizana nani yuko Singida.

Piga simu benki saa hiyohiyo, lakini usiishie hapo, nenda na barua yenye namba ya akaunti, namba ya cheki, tarehe, kiasi, jina la mlipwaji, sababu, na saini ileile waliyonayo benki. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokea wenye tarehe, na saa uandikiwe. Mimi hapo nakazia sana, maana cheki ikilipwa mchana wakati barua yako iliingia asubuhi, hiyo nakala ndo itakayokutetea. Chukua na losi ripoti ya polisi, ila usiisubiri ndo uende benki. Na kuwe na hela ya makato, huduma hii kwa kawaida inatozwa.

Cheki iliyopigwa mistari miwili inakupa nafasi kidogo kwa sababu lazima ipitie akaunti, ile ya wazi mtu anaweza kwenda nayo dirishani leoleo, kwa hiyo hapo kimbia.

Kumbuka pia deni halijafutika, mtu wa Kibaigwa bado anakudai alizeti yake, lakini usimwandikie nyingine mpaka benki ithibitishe 000147 imezuiwa, na umwandikishe kwamba akiiokota ya zamani anairudisha kwako, haipeleki benki.