Kutoka slaidi hadi katiba: kuandika kanuni za kikundi cha hisa ambazo wanachama watazisaini

Mwezeshaji akija kufundisha kikundi huonyesha slaidi, na kila mtu huelewa kwa sababu yeye mwenyewe yupo pale akizifafanua. Akiondoka, slaidi hubaki na ufafanuzi huondoka naye. Miezi sita baadaye wanachama wawili wanasoma mstari uleule na kila mmoja anatoka na kiasi chake cha fedha. Nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani upande wa Tongoni, Tanga, na jambo hilo lilitukuta. Haya ndiyo niliyojifunza tulipoandika upya kanuni zetu.

Hatua ya kwanza: toa maneno yote kwenye slaidi, pamoja na yaliyofichika. Ukihifadhi faili la PowerPoint kama `Outline/RTF`, utapata vichwa na nukta za kawaida tu. Maneno yaliyo ndani ya picha, kwenye jedwali, au kwenye visanduku vilivyoongezwa pembeni hayatakuja. Jedwali letu lote la faini lilipotea hivyo, na tuligundua tulipofika kikaoni. Njia iliyo salama zaidi ni `File > Export > Create Handouts`, kisha uchague slaidi zitokee pamoja na maelezo ya chini, yale ambayo mwezeshaji hujiandikia ili asisahau. Humo ndimo mara nyingi utakuta sentensi iliyokamilika. Kisha hesabu slaidi moja moja ukilinganisha na ulichokipata.

Hatua ya pili: ibane kila nukta kwa maswali. Nani anafanya? Kiasi gani, na cha nini? Lini? Na ni wakati gani kanuni hii haitumiki? Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa nayo.

Slaidi yetu ya mikopo ilikuwa na mistari hii:

> Mkopo mara 3 ya hisa
> Riba 10%
> Marejesho miezi 3
> Wachelewaji watatozwa faini

Mchukue mwanachama mwenye hisa 40, na hisa moja ni shilingi 2,000. Akiba yake ni 80,000, hivyo anaweza kukopa 240,000. Sasa, asilimia 10 ya nini? Mweka hazina wetu alielewa kwamba inatozwa mara moja: 24,000. Mwenyekiti alielewa kwamba ni kila mwezi, juu ya mkopo wote: 24,000 mara tatu, yaani 72,000. Mwezeshaji mwenyewe, tulipompigia simu, alikusudia kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mkopaji akilipa 80,000 ya deni kila mwezi, riba inakuwa 24,000, kisha 16,000, kisha 8,000, jumla 48,000. Hakuna aliyedanganya. Mstari mmoja ulibeba hesabu tatu, na tofauti kati ya ndogo na kubwa ni 48,000, fedha ya kutosha kuvunja urafiki wa watu wanaokutana pwani kila bamvua.

Mistari mingine nayo ilikuwa na mapengo. Hisa zinahesabiwa siku ya kuomba au siku ya kupokea? Miezi mitatu inaanza lini? Faini ni ya kiasi gani, na mtu anahesabiwa kuwa amechelewa baada ya siku ngapi?

Hatua ya tatu: mapengo yajazwe na kikao. Mwandishi atakuwa na hamu ya kujaza mwenyewe kwa kile anachoona ni sawa. Asifanye hivyo. Weka alama ya KIKAO kwenye kila pengo, upeleke orodha mkutanoni, na uamuzi uingie kwenye muhtasari. Sisi tulikuwa na mapengo 19. Moja lilihusu muda wa mkutano: slaidi ilisema kila Jumamosi saa 4 asubuhi, na asiyefika alipe faini. Siku za bamvua, saa 4 ndipo maji yanapokupwa sana huku kwetu na sisi tuko shambani. Kwa kanuni ile tungelipa faini kwa kufanya kazi inayotupa fedha za hisa. Kikao kilihamishia mkutano saa 10 alasiri.

Hatua ya nne: andika ibara, jambo moja kwa kila kifungu. Ile slaidi ikawa hivi:

> Ibara ya 14: Mkopo
> 14.1 Mwanachama anaweza kukopa kiasi kisichozidi mara tatu ya thamani ya hisa alizonazo siku anayoomba mkopo.
> 14.2 Mkopaji atalipa riba ya asilimia 10 kila mwezi, ikihesabiwa juu ya deni lililobaki kabla ya rejesho la mwezi huo.
> 14.3 Mkopaji atamaliza deni ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyopokea fedha, akilipa theluthi moja ya mkopo kila mwezi pamoja na riba.
> 14.4 Asiyelipa rejesho siku ya mkutano uliopangwa atakuwa na siku saba. Zikipita, atatozwa faini ya shilingi 2,000.
> Mfano: mkopo wa 240,000. Mwezi wa kwanza 104,000, wa pili 96,000, wa tatu 88,000. Jumla 288,000.

Mfano uache ndani ya katiba. Wengi wetu tunaelewa hesabu tunapoiona, kuliko tunapoambiwa asilimia. Tumia neno moja kwa kitu kimoja: ukisema "rejesho" huku na "marejesho ya awamu" kule, mtu atauliza kama ni vitu viwili.

Hatua ya tano: soma kwa sauti, kisha saini. Baada ya kila ibara, mwombe mwanachama mmoja aieleze kwa maneno yake. Akikosea, kosa ni la ibara, irekebishe palepale. Kila ukurasa uwe na namba, na viongozi waweke saini fupi chini yake, ili usibadilishwe ukurasa wa katikati. Wanachama wasaini mwishoni: jina, namba ya kitabu cha hisa, saini, tarehe. Nakala moja ikae kwenye sanduku. Nyingine utaihitaji kwenye halmashauri, kwa kuwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vyetu viko daraja la nne na vinasajiliwa huko.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu hapa Makorora hatutaki riba. Tukiandika "ada" badala yake inatosha?*

Marahaba, mwanangu. Kama hesabu ni ileile, jina halibadilishi kitu, na wanachama wenu watalijua hilo. Amueni kwanza jambo lenyewe. Mkikopeshana bila nyongeza, andikeni hivyo waziwazi: mkopaji anarudisha kiasi alichopokea. Gharama za vitabu na sanduku zichangwe na wote kwa usawa, awe amekopa au hajakopa. Kwa lolote zaidi ya hapo, muulizeni sheikh wenu mkiwa na ibara mkononi.

*Bibi yetu mmoja hajui kusoma. Mwanawe amsainie?*

Hapana, dada. Asomewe yote, kisha aweke dole gumba mwenyewe. Shahidi ambaye si kiongozi aandike jina lake pembeni, na kwamba alisikia katiba ikisomwa.

*Tukibadilisha riba katikati ya mzunguko, tusaini upya?*

Sisi tuliweka kwamba mabadiliko yapitishwe na theluthi mbili ya wanachama wote, yaandikwe kwenye ukurasa wa marekebisho, na ukurasa huo usainiwe na wote. Mikopo iliyokwisha kutolewa inamalizika kwa masharti ya zamani. Andikeni hilo mapema, kabla hajatokea mtu wa kuathirika.

*Mwanachama akifariki akiwa na deni?*

Hilo halikuwepo kwenye slaidi hata moja, kaka, na sisi tuliliona tulipouliza "isipokuwa lini" kwenye 14.3. Tukaandika: deni linakatwa kwenye hisa zake, kinachobaki anapewa mtu aliyemtaja kwenye fomu ya uanachama, na deni likizidi hisa, mfuko wa jamii unalibeba. Kisha tukarudi kwenye fomu, tukakuta haina nafasi ya kumtaja mtu huyo. Tumeiongeza, na wote 27 wamejaza upya.