Kabla ya kufuta nguzo kwenye picha ya bango
Bango la upana wa mita 3 linalotazamwa kutoka mita 2 hivi huhitaji takribani pikseli 50 kwa kila inchi, yaani pikseli 5,900 kwa upana wote. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 bado hupendeza kuanzia mita 3, kwa kuwa kila pikseli huchapwa kwa milimita 0.75 tu, kinachoumbuka ni pale ulipofuta nguzo ya umeme, kwani baadhi ya programu hujaza sehemu hiyo kwa pikseli chache kisha huzivuta, na kiraka hubaki na ukungu katikati ya ukuta wenye chembechembe. Kikague kwa ukubwa wa asilimia 100. Kikionekana, futa upya kipande kwa kipande, ukitumia faili halisi ya kamera, kamwe si nakala iliyobanwa na WhatsApp.