Uchungu wa uongo na uchungu wa kweli: jinsi ya kupima mwenyewe nyumbani

Mama wengi huniuliza, "Mkunga, nitajuaje?" Ukali wa maumivu peke yake haukwambii, kwa sababu uchungu wa uongo nao huuma. Angalia mpangilio wake.

Hatua ya 1: Andika saa. Tumbo likianza kukaza, andika dakika hiyo. Likilegea, andika tena. Nafasi huhesabiwa tangu mkazo mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza. Wengi huhesabu tangu maumivu yanapoisha, wakadhani uchungu umekaribiana kuliko ulivyo.

Hatua ya 2: Badilisha hali. Nenda haja ndogo, kunywa glasi mbili za maji, kisha kama ulikuwa umesimama ulale kwa ubavu wa kushoto. Kama ulikuwa umelala, tembea. Kibofu kilichojaa na upungufu wa maji huchochea uchungu wa uongo. Wa kweli hautulii kwa hayo.

Hatua ya 3: Linganisha. Tuchukue mama mwenye mimba ya kwanza, wiki 39. Usiku tumbo lilikaza saa 2:10, 2:22, 2:47 na 2:56. Mara sekunde 30, mara 50, mara 25. Maumivu yalikuwa mbele tu, na alipokunywa maji na kulala yakapotea. Huo ni wa uongo: tumbo linakaza, lakini mlango wa kizazi haufunguki.

Usiku uliofuata yakamwamsha saa 9:00, 9:09, 9:17, 9:25, yakianzia kiunoni na kuzunguka mbele. Akitembea yanazidi. Kufikia saa 11 alfajiri yanakuja kila dakika 5, kila moja likidumu dakika nzima, na hawezi kuongea likimshika. Yalipoendelea hivyo kwa saa moja, akaenda hospitali.

Kipimo hicho cha dakika 5 kinamfaa mwenye mimba ya kwanza, iliyotimiza wiki 37 na isiyo na tatizo. Uliyewahi kuzaa usikisubiri, njia yako hufunguka haraka. Uchungu ukishashika mpangilio, ondoka. Anayeishi mbali naye aondoke mapema. Uliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye mapacha, au ambaye mtoto amekaa vibaya, nenda uchungu unapoanza tu.

Ute mzito wenye michirizi ya damu ni kawaida, nao unaweza kutangulia uchungu hata kwa siku kadhaa.

Lakini acha kuhesabu, uende sasa hivi, ukiona lolote kati ya haya: damu inayotiririka, chupa imepasuka, hata bila uchungu, hasa maji yakiwa ya kijani, mtoto amepunguza kucheza, tumbo limekaza bila kulegea, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, au mikazo yenye mpangilio kabla ya wiki 37. Ukifika, mpe mkunga karatasi yako ya saa pamoja na kadi ya kliniki.