Kuandika maelezo ya grafu na vichwa vya majedwali vinavyojitegemea

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Bagamoyo aliniletea ripoti yake ya utafiti wa mwani wa Mlingotini. Chini ya grafu yenye nguzo mbili, moja ya kotonii na moja ya spinosamu, aina mbili za mwani unaolimwa, alikuwa ameandika: "Kielelezo 3: Ukuaji wa mwani." Tulikaa nayo jioni nzima. Hivi ndivyo tulivyoirekebisha.

1. Itenge grafu na ripoti. Ipige picha pamoja na maelezo yake tu, kisha mpe mtu anayeijua kazi lakini hajasoma ripoti. Sisi tulimwonyesha mama anayelima mwani. Aliitazama kidogo, akauliza: "Mwanangu, huu umepimwa mbichi au mkavu?" Mnunuzi hununua mkavu, na mwani ukianikwa hupungua uzito mara kadhaa. Jibu lilikuwemo kwenye ripoti, ukurasa wa tisa. Lilitakiwa liwe chini ya grafu.

2. Andika sentensi ya kwanza. Iseme nini kimepimwa, kwenye nini, wapi na lini. Usianze na "Grafu inayoonyesha". Msomaji anaona kuwa ni grafu. Na kichwa ambacho Eksel hukiweka juu ya grafu kifute, maelezo ya chini yanatosha.

3. Eleza vile vistari vilivyosimama juu ya nguzo. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili, ripoti yangu iliporudishwa kwa swali moja: vistari hivi ni nini?

Vinaweza kuwa mkengeuko sanifu, unaoonyesha mashada ya mwani yaliyopimwa yalivyotofautiana yenyewe kwa yenyewe. Vinaweza pia kuwa kosa sanifu, linaloonyesha wastani umekadiriwa kwa uhakika kiasi gani. Tuchukue nambari za mfano: mashada 36, mkengeuko sanifu gramu 120. Kosa sanifu ni 120 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6, unapata gramu 20. Data ni ileile, lakini kistari kimoja ni kirefu mara sita kuliko kingine, na kwa macho huwezi kujua kipi ni kipi. Usipoandika, msomaji anabaki kukisia.

Kabla ya kuandika, hakikisha vistari ni vya kweli. Ukibonyeza `Error Bars` halafu `Standard Error`, Eksel haiyajui mashada yako 36. Inaona wastani mbili ulizochora na kukokotoa kutoka hizo. Dalili yake ni kwamba vistari vyote vina urefu sawa kabisa, na ndivyo ilivyokuwa kwa kijana huyu. Kokotoa mwenyewe kwenye seli, kwa kila aina ya mwani:

```
=STDEV.S(B2:B37)
=STDEV.S(B2:B37)/SQRT(COUNT(B2:B37))
```

Kisha chagua `Custom`, halafu `Specify Value`, uelekeze kwenye seli hizo.

Mimi hapa ningetumia mkengeuko sanifu, na nina sababu. Mashada 36 ya kila aina yalifungwa kwenye kamba tatu, 12 kila kamba. Yaliyo kwenye kamba moja hupata maji yaleyale na joto lilelile, kwa hiyo si vipimo 36 vinavyojitegemea. Ukigawanya kwa 6, kistari kinakuwa kifupi kuliko haki yake. Vyovyote utakavyochagua, taja idadi zote mbili: mashada na kamba.

Maelezo yalitoka hivi:

*Kielelezo 3: Wastani wa uzito wa mashada ya kotonii na spinosamu, yakiwa mabichi, siku 42 baada ya kupandwa Mlingotini, Bagamoyo, msimu wa kaskazi. Kila shada lilianza na gramu 100. Vistari ni mkengeuko sanifu. Mashada 36 kwa kila aina, kwenye kamba tatu.*

Ni marefu, na mimi sioni tatizo. Wasomaji wengi huanzia kwenye grafu.

4. Jedwali. Kichwa hukaa juu, kifupi, bila vipimo. Gramu na siku ziende kwenye vichwa vya safu. Yanayobaki yawe tanbihi chini ya jedwali. Vifupisho vifafanuliwe upya kwa kila jedwali, hata kama ulishavieleza kwenye jedwali la kwanza.

5. Rudi kwa yule mtu wa hatua ya kwanza. Tulirudi na grafu mpya na jedwali la kotonii. Kwenye grafu mama hakuuliza kitu. Kwenye jedwali aliweka kidole juu ya kistari kwenye seli moja: "Hapa hamkupata kitu, au hamkupima?" Kamba hiyo ilikuwa imekatwa na mawimbi kabla ya kipimo cha mwisho cha jaribio la pili. Tukaongeza tanbihi: "Kistari (–): haikupimwa, kamba ilikatika. Sifuri (0): ilipimwa, mwani wote ulikuwa umeoza."