Nyama ya nguruwe dume asiyehasiwa: harufu inatoka wapi, na utaijuaje kabla mteja hajaijua

Nyama ya dume inaweza kutundikwa buchani tangu asubuhi, nyekundu na safi, bila mtu kuhisi lolote. Ikishapata moto, jiko zima linanuka. Mteja anarudi akiwa amekasirika, anasema ameuziwa nyama iliyooza, na muuzaji naye anaapa kwamba nguruwe alichinjwa jana. Wote wawili wana haki. Nyama haijaoza na haina ugonjwa, na anayeila hadhuriki. Kinachonuka kilikuwa ndani ya mafuta ya nguruwe tangu akiwa hai, kikasubiri joto ili kipande juu na mvuke.

Vitu vinavyonuka ni viwili, na mfugaji asiyevitofautisha hutibu kisichoumwa. Cha kwanza ni androstenoni. Hutengenezwa kwenye korodani za dume anapobalehe, husafiri kwa damu, na sehemu yake huingia kwenye tezi za mate. Lile povu jeupe unaloliona mdomoni mwa dume anapomnusa jike limebeba harufu hiyo, na jike aliye kwenye joto akiinusa husimama tuli apandwe. Kwa dume ni chombo cha kazi. Bahati mbaya androstenoni hupenda mafuta, hivyo hujiweka kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo. Ikipikwa hutoa harufu ya mkojo uliolala, au jasho la nguo iliyovaliwa siku nyingi.

Cha pili ni skatoli, na hiki hakitoki kwenye korodani. Bakteria wa utumbo mpana hukitengeneza wanapovunja triptofani, moja ya viungo vya protini. Kila nguruwe anacho, dume kwa jike. Harufu yake ni ya kinyesi, wala huhitaji kuelezwa mara mbili. Kwa jike na kwa aliyehasiwa, ini huivunja skatoli na kuitoa mwilini karibu yote. Kwa dume aliyebalehe, homoni za korodani hupunguza kazi ya vimeng'enya vya ini vinavyofanya usafi huo, na skatoli inayobaki hukimbilia kwenye mafuta. Ndiyo maana harufu mbili zenye asili tofauti hukutana kwa mnyama mmoja.

Viwango vinavyotosha kuharibu chakula ni vidogo mno. Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye mikrogramu 0.5 hadi 1 ya androstenoni kwa kila gramu ya mafuta, na skatoli mikrogramu 0.20 hadi 0.25 tu. Na kwa kuwa vyote viwili viko kwenye mafuta, kuosha nyama kwa maji, siki au ndimu hakuondoi kitu. Viungo vikali hufunika kidogo, lakini kifuniko cha sufuria kikiinuliwa, harufu iko pale pale. Kuondoa mafuta kunasaidia kuliko ndimu, ingawa nayo si dawa kamili, maana nyama yenyewe ina mafuta ndani ya nyuzi zake.

Si kila dume ananuka. Kuna madume wanaochinjwa na kuliwa bila mtu kujua kwamba hawakuhasiwa, na hapo ndipo mabishano ya vijijini yanapoanzia: huyu anasema nyama ya dume haina shida, yule anasema hataigusa tena. Umri na uzito vina sehemu yao, kwa kuwa mnyama aliyechinjwa kabla ya kubalehe hajatengeneza androstenoni ya kutosha. Kubalehe huanza kwenye miezi mitano hadi sita kwa wengi. Mbegu nayo ina neno: madume wa Duroki kwa kawaida huwa na androstenoni nyingi kuliko wa Landirasi au Laji Waiti. Na pua ya mlaji ina sehemu yake kubwa. Skatoli karibu kila mtu huinusa. Androstenoni, kwa sababu za kurithi, kuna watu hawaisikii kabisa, wengine huiona kama harufu tamu, na wengine hawawezi kukaa chumba kimoja nayo. Mfugaji anayeionja nyama yake mwenyewe na kusema haina neno anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado akapoteza wateja.

Kipimo cha nyumbani kipo, na ni rahisi. Kata kipande cha mafuta ya shingoni au mgongoni, ukubwa wa vidole viwili. Kiweke kwenye kikaango kikavu, bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta mengine, kisha funika. Mafuta yakianza kuyeyuka na kutoa sauti, inua kifuniko na unuse mvuke wa kwanza hapo hapo. Ukichelewa, harufu ya kukaanga inafunika zote. Wanusaji wawe watatu au wanne, na asiwemo anayeshinda bandani, kwa sababu pua yake imezoea. Kwa maoni yangu angalau mmoja awe mtu aliyethibitika kuisikia androstenoni. Namna ya kumpata ni kuwanusisha watu kitambaa kilichofutwa povu la mdomoni mwa dume la mbegu: anayekunja uso mara moja ndiye unayemtaka.

Tuchukue mfano. Mfugaji amechinja nguruwe watatu wa banda moja, madume wawili wasiohasiwa wa miezi saba wenye kilo kama 115, na jike mmoja. Malalamiko yamekuja. Anakaanga mafuta ya kila mmoja kando. Ya jike yanatoa harufu hafifu ya kinyesi. Ya dume wa kwanza yanatoa kinyesi kilichokolea, na mnusaji mmoja kati ya watatu anasema kuna mkojo kwa mbali. Ya dume wa pili yananuka mkojo na jasho, na wawili wanarudi nyuma.

Jike ndiye anayefungua fumbo hili. Hana korodani, kwa hiyo harufu yake haiwezi kutokana na homoni za dume; ni skatoli, na kwa jike skatoli ikionekana hivyo, angalia sakafu. Nguruwe wanaolala juu ya kinyesi na mkojo, hasa wakati wa joto wanapojigaragaza humo ili wapoe, huipata skatoli kupitia ngozi na pumzi, juu ya ile ya utumboni. Banda hilo lilikuwa limejaa kupita kiasi na halina sehemu kavu ya kulala. Dume wa kwanza amepata uchafu ule ule, ila ini lake limeshindwa kuusafisha kama la jike. Kwa wawili hawa usafi ungebadilisha hali. Dume wa pili ni kesi nyingine: hata angelala juu ya nyasi mpya kila siku, androstenoni yake ingebaki, maana inatoka mwilini mwake.

Sasa tuseme bado ana madume sita wa miezi minne bandani. Kuwahasi kwa kisu katika umri huu sishauri kufanywa na mfugaji mwenyewe. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika katika wiki ya kwanza ya maisha, kidonda kikiwa kidogo na kinapona upesi. Mnyama wa miezi minne anahitaji daktari wa mifugo, ganzi na dawa ya maumivu. Hata kwa kitoto cha siku chache maumivu yapo, hivyo muulize daktari dawa ya kuyapunguza. Kabla ya kukata, papasa korodani zote mbili. Ikipatikana moja tu, nyingine imebaki tumboni, na itaendelea kutengeneza homoni huku wewe ukiamini umehasi. Kitoto mwenye ngiri, yaani uvimbe laini kwenye kinena unaorudi ndani ukiubonyeza, asikatwe na asiye daktari, kwa sababu utumbo unaweza kutokea kwenye kidonda.

Kwa hao sita, pale chanjo ya kuzuia homoni za uzazi inapopatikana, hesabu inakubali. Sindano ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki nne, kisha kuchinja wiki 4 hadi 6 baada ya hiyo ya pili. Watakuwa na takribani miezi sita hadi sita na nusu. Sindano ya kwanza huuandaa mwili tu, harufu haipungui. Ni ya pili inayozima korodani na kulipa ini nafasi ya kusafisha. Aliyekosa ya pili ni dume kamili. Utamgundua wiki mbili tatu baadaye: wenzake wametulia na korodani zao zimepungua, yeye bado anawapanda na kugombana. Dawa hiyo huathiri homoni za binadamu vilevile, hivyo anayechoma awe na sindano yenye kinga na aliyefundishwa.

Bila chanjo, njia iliyobaki ni kuwachinja mapema wakiwa wepesi, karibu na miezi mitano, kabla korodani hazijashika kasi. Unapoteza kilo za mwisho. Lakini kumbuka kwamba dume asiyehasiwa hukua kwa chakula kidogo na huwa na mafuta machache kuliko aliyehasiwa, kwa hiyo hasara si kubwa kama inavyoonekana kwenye mizani.

Vyovyote atakavyochagua, skatoli ashughulike nayo katika siku za mwisho. Wapunguzwe bandani, wapate sehemu kavu ya kulala, kinyesi kiondolewe kila siku kwa angalau wiki nzima kabla ya kuchinja. Viazi mviringo vibichi vikichanganywa kwenye chakula kwa wiki moja au mbili husaidia kweli, kwa sababu wanga wake haumeng'enywi juu. Unafika utumbo mpana na kuwapa bakteria chakula kingine kuliko triptofani. Vikipikwa kazi hiyo inapotea, na vyenye rangi ya kijani au machipukizi visitumike, vina sumu. Chakula kikatwe saa 12 kabla ya kuchinja, maji yaendelee. Na madume wasiofahamiana wasichanganywe usiku wa mwisho, maana mapigano huwachangamsha.

Amebaki dume mzee la mbegu, aliyemaliza kazi. Huyu usimpeleke buchani moja kwa moja. Daktari amhasi kwa ganzi, halafu akae. Mafuta yaliyokwisha kubeba harufu huchukua wiki kadhaa kujisafisha, na wengi huacha miezi miwili ipite. Akichinjwa, kaanga kipande kabla ya kuuza hata kilo moja. Harufu ikiwa bado ipo kidogo, ondoa mafuta yake yote na utumie nyama kwenye soseji zinazoliwa baridi, ikichanganywa na nyama nyingi ya nguruwe wasionuka, kwa sababu kinachoitoa harufu hiyo ni joto. Ikiwa kali, hata mchanganyiko huo utaharibika wote.